Majibu Manane, Orodha Moja

Kuna kosa la programu ambalo halizimi kompyuta, halitoi onyo lolote kwenye skrini, wala halikosei idadi. Programu inaombwa itafute michanganyiko yote ya vitu vitatu. Inatafuta, inamaliza, inarudisha majibu manane, na manane ndiyo idadi sahihi. Ukiyafungua, unakuta yote manane yanafanana, na mara nyingi yote ni matupu. Aliyeandika programu hiyo huirudia mstari kwa mstari, akakuta kila hatua ya utafutaji iko sawa. Na kweli iko sawa. Kosa limejificha mahali ambapo watu wengi hawafikirii kutazama: kwenye mstari mmoja mfupi wa kuhifadhi jibu.

Kosa hili huzaliwa ndani ya mbinu ya kutafuta kwa kurudi nyuma. Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1848 Max Bezzel, mchezaji wa sataranji wa Ujerumani, alitangaza fumbo: je, malkia 8 wanaweza kuwekwa kwenye ubao wa miraba 64 bila hata mmoja kumshambulia mwenzake? Mwaka 1850 Franz Nauck alichapisha majibu, na leo tunajua yako 92. Anayelitafuta jibu kwa mkono humweka malkia mmoja kwenye mstari wa kwanza, wa pili kwenye mstari unaofuata mahali ambapo hashambuliwi, kisha wa tatu, hadi akwame. Akikwama hafuti kazi yote. Humwondoa malkia wa mwisho tu, akamjaribu kwenye mraba mwingine, na miraba ikiisha hurudi hatua moja zaidi nyuma. Mwanahisabati wa Marekani D. H. Lehmer aliipa mbinu hiyo jina lake miaka ya 1950, na leo ni somo la kawaida kwa wanaosomea programu.

Tuanze na mfano mdogo kuliko malkia. Mama ntilie ana vyakula vitatu: wali, maharage na mchicha. Mteja anaweza kuchukua kimoja, viwili, vyote, au asichukue kitu. Je, sahani zinazowezekana ni zipi? Kwa kila chakula kuna maamuzi mawili, kuchukua au kuacha, kwa hiyo jumla ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Programu ya Python ya kuzitafuta inaweza kuandikwa hivi:

```python
vitu = ["wali", "maharage", "mchicha"]
majibu = []
njia = []

def tafuta(i):
    if i == len(vitu):
        majibu.append(njia)
        return
    njia.append(vitu[i])
    tafuta(i + 1)
    njia.pop()
    tafuta(i + 1)

tafuta(0)
print(majibu)
```

Hata asiyejua Python anaweza kuifuata. `njia` ni orodha inayobeba uamuzi wa sasa: vyakula vilivyokwisha kuchukuliwa mpaka hapa tulipo. Amri ya `append` huongeza kitu mwishoni mwa orodha, na `pop` hukitoa kile cha mwisho. Kwa kila chakula, programu kwanza hukiweka kwenye njia na kuendelea mbele, kisha hukitoa na kuendelea mbele bila hicho. Kule kukitoa ndiko kurudi nyuma kwenyewe. Vyakula vyote vikishaamuliwa, njia huwa ni sahani kamili, na mstari wa `majibu.append(njia)` huiweka kwenye orodha ya majibu.

Ukiiendesha, skrini inaonyesha hivi:

```
[[], [], [], [], [], [], [], []]
```

Sahani nane tupu. Sahani tupu ni mojawapo ya majibu halali, maana mteja anaweza kuondoka bila kula, lakini ni moja tu kati ya nane.

Hapa ndipo wengi hupotea, na ninaelewa sababu yake. Mtu huanza kushuku utafutaji. Huongeza mstari wa `print(njia)` juu kidogo ya mstari wa kuhifadhi ili aone kinachohifadhiwa, na skrini inamwonyesha wali, maharage na mchicha, kisha wali na maharage, kisha wali na mchicha, kisha wali peke yake, kisha maharage na mchicha, maharage, mchicha, na mwisho sahani tupu. Yote nane yamo, kwa mpangilio, bila kasoro. Anahitimisha kuwa kilichohifadhiwa ni sahihi, kwa hiyo kosa lazima liwe mbele zaidi. Anaweza kupoteza jioni nzima mbele huko, asikute kitu.

Ushahidi huo wa `print` ni wa kweli, ila unajibu swali jingine. `print` husoma orodha jinsi ilivyo wakati huo huo na kuiandika kwenye skrini kama maandishi. Maandishi yakishatoka hayabadiliki tena. `append` haifanyi hivyo. Haisomi yaliyomo ndani ya `njia`, wala haiyahamishi. Inachoweka ndani ya `majibu` ni anwani tu, yaani mahali `njia` ilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Katika toleo la kawaida la Python kwenye kompyuta za siku hizi za biti 64, anwani hiyo huchukua baiti 8, iwe orodha inayolengwa ina vitu viwili au milioni mbili.

Mtu akikuandikia kwenye kikaratasi “nyumba ya bluu nyuma ya msikiti”, hajakupa picha ya waliokuwemo siku hiyo. Amekupa njia ya kufika. Akikuandikia vikaratasi vinane kwa siku nane, kila siku nyumba ikiwa na wageni tofauti, na wewe ukaja kuvifuata vyote baada ya wageni kuondoka, utafika mara nane kwenye nyumba ile ile, nayo haina mtu. Orodha ya `majibu` imejaa vikaratasi vya namna hiyo. Orodha ya `njia` ni moja tangu mwanzo hadi mwisho wa programu, ikijazwa na kupunguzwa, na majibu yote manane yanaielekeza yenyewe.

Kwa nini iwe tupu, na si kitu kingine? Kwa sababu kila `append` ya njia ina `pop` yake. Katika mfano wetu wali huongezwa mara 1, maharage mara 2, na mchicha mara 4, jumla mara 7. Na mara 7 vitu vinatolewa. Utafutaji ukiisha, njia lazima irudi ilivyoanza, yaani tupu. Kadiri utafutaji wako ulivyoandikwa kwa usahihi, ndivyo majibu yako yatakavyokuwa matupu kwa uhakika. Ndiyo maana nasema kosa hili linawaumiza hasa wale walioelewa mbinu vizuri: kurudi nyuma kwao ni kamilifu, na ukamilifu huo ndio unaofuta kila kitu.

Njia bora ya kuliona likitokea ni kuacha kuchapisha `njia` na badala yake kuchapisha `majibu` yote mara tu baada ya kila jibu kuongezwa. Mistari minne ya kwanza itatoka hivi (vyakula nimevifupisha kwa herufi W, M na C, ambapo C ni mchicha):

```
[[W, M, C]]
[[W, M], [W, M]]
[[W, C], [W, C], [W, C]]
[[W], [W], [W], [W]]
```

Jibu la kwanza lilikuwa sahihi lilipoingia. Lilipoingia la pili, la kwanza likapoteza mchicha wake, ingawa hakuna mstari wowote wa programu uliogusa nafasi ya kwanza ya `majibu`. Likaingia la tatu, na yale mawili ya awali yakageuka tena kufanana nalo. Mtu akishaona majibu ya zamani yakibadilika kila jipya linapoingia, hana haja ya kuelezwa tena; anajua kuwa hayo si majibu mengi bali ni kitu kimoja kilichotajwa mara nyingi.

Kompyuta yenyewe inaweza kulithibitisha hilo. Python ina neno `is`, ambalo huuliza kama majina mawili yanaelekeza kitu kimoja, tofauti na `==`, ambayo huuliza tu kama yaliyomo yanalingana. Ukiandika `majibu[0] is majibu[7]` kwenye programu yetu, jibu ni `True`. Ukiandika `len(set(id(x) for x in majibu))`, yaani kuhesabu anwani zisizojirudia, unapata 1 badala ya 8.

Dawa ni kuhifadhi nakala badala ya anwani ya ile orodha inayoendelea kubadilika:

```python
majibu.append(njia[:])
```

Alama hizo za mabano na nukta mbili huunda orodha mpya yenye vitu vile vile vilivyomo kwenye `njia` wakati huo. Baada ya hapo `njia` inaweza kujazwa na kupunguzwa itakavyo. Nakala imekaa pembeni. Unaweza pia kuandika `list(njia)` au `njia.copy()`. Zote tatu hufanya kazi moja. Mimi napendelea `tuple(njia)` pale ambapo majibu hayatarajiwi kubadilishwa tena, kwa sababu aina hiyo ya mfuatano haikubali kuongezwa wala kupunguzwa baada ya kuundwa, na kwa hiyo hakuna mkono mwingine wa programu utakaoweza kuiharibu baadaye.

Kabla ya kufika hapo, watu hupitia marekebisho kadhaa yasiyosaidia, na inafaa kuyataja kwa sababu kila moja linaonekana la busara. La kwanza ni kuandika `nakala = njia` kisha `majibu.append(nakala)`. Jina limebadilika, kitu ni kile kile. Katika Python alama ya `=` hainakili kamwe. Hubandika jina jingine juu ya kitu kilekile. La pili ni `majibu.append([njia])`. Hapa kweli orodha mpya imeundwa, ila ni ganda jipya lenye anwani ya zamani ndani yake, na matokeo ni maganda manane yanayoelekeza sehemu moja. La tatu ni kufuta `pop`, kwa hoja kwamba ndiyo inayomaliza vitu. Ukifanya hivyo majibu hayatakuwa matupu tena, lakini bado yatakuwa kitu kimoja, mara hii orodha ndefu yenye vyakula vilivyorundikana, na utafutaji wenyewe utakuwa umeharibika juu yake.

Rekebisho la nne ni la wale waliokwisha kusikia kuhusu nakala, lakini wakaiweka mahali pasipo pake. Wao huacha utafutaji uishe, kisha wanaandika `copy.deepcopy(majibu)`, amri inayonakili kitu pamoja na kila kilichomo ndani yake hadi chini kabisa. Inashindwa kwa sababu mbili. Kwanza wamechelewa: yaliyokuwemo yamekwisha kutolewa, na kinachonakiliwa ni utupu. Pili, `deepcopy` huweka kumbukumbu ya vitu ilivyokwisha kunakili ili isirudie, kwa hiyo ikikuta anwani moja mara nane, huunda nakala moja tu na kuielekeza mara nane. Ule mshikamano wa majibu unahamia kwenye nakala kama ulivyo. Nakala ina maana tu ikichukuliwa wakati jibu lingali hai, kabla `pop` haijapita.

Kuna sura mbili za kosa hili ambazo ni mbaya kuliko sahani tupu, kwa kuwa hazijitangazi. Ya kwanza hutokea tunapopanga vitu kwa kuvibadilishana nafasi. Tuseme tunataka mipangilio yote ya Asha, Juma na Neema kwenye foleni. Mipangilio iko 6. Badala ya kuongeza na kutoa, programu hubadilisha watu wawili nafasi, huendelea mbele, kisha huwarudisha:

```python
a[i], a[j] = a[j], a[i]
panga(i + 1)
a[i], a[j] = a[j], a[i]
```

Ukihifadhi `a` yenyewe, mwisho wa kazi utapata mistari 6, na kila mmoja utasomeka Asha, Juma, Neema. Hakuna utupu wa kukushtua. Mstari wa kwanza ni sahihi kabisa, kwa sababu mpangilio wa kwanza unaopatikana huwa ndio wa asili. Anayetazama mstari wa juu tu na kuhesabu jumla atasema programu inafanya kazi. Ikiwa orodha hiyo inapelekwa moja kwa moja kwenye sehemu nyingine ya programu inayochagua mpangilio wa gharama ndogo, itachaguliwa ile ile ya asili kila siku, na hakuna atakayejua kwamba mingine haikuwahi kulinganishwa.

Ya pili ni pale tunapotafuta jibu moja lililo bora badala ya kukusanya yote. Fikiria programu ya kutafuta njia fupi ya kupitisha mzigo katika vituo kadhaa. Kila ikipata njia fupi kuliko iliyopita, huandika:

```python
if urefu < urefu_bora:
    urefu_bora = urefu
    njia_bora = njia
```

Mwisho inachapisha urefu sahihi kabisa, tuseme kilomita 42, na njia tupu. Mkanganyiko huu huwachanganya watu kweli, maana mistari miwili iliyoandikwa kwa namna moja imetoa matokeo tofauti. Siri ni kwamba namba katika Python haibadiliki ndani yake. `urefu` ukipewa thamani mpya, jina linahamia kwenye namba nyingine na `urefu_bora` unabaki na ile ya zamani. Orodha hubadilika ndani yake huku ikibaki kitu kile kile. Maandishi nayo ni kama namba: hayabadiliki. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeanza kwa kutafuta michanganyiko ya herufi, akiunganisha maandishi kwa alama ya `+`, hakuwahi kuliona kosa hili, kisha likamkuta siku ya kwanza alipohamia kwenye orodha.

Lipo pia hali ya kulala. Programu inayotatua sudoku kwa kawaida husimama inapopata jibu la kwanza na kurudi moja kwa moja bila kutengua chochote. Kwa kuwa hakuna kutengua, ubao unabaki umejaa, na kuhifadhi anwani yake hakudhuru. Programu hiyo inaweza kutumika muda mrefu bila tatizo. Kisha mtu anataka kuhakikisha kuwa fumbo lina jibu moja tu, anaibadilisha iendelee kutafuta mengine, na ghafla ubao uliohifadhiwa unarudi na visanduku vitupu. Atalaumu badiliko lake la jana, ilhali mstari wenye kosa ulikuwepo tangu mwanzo.

Sudoku na malkia wana tatizo la ziada linalostahili kutazamwa polepole, kwa kuwa linamkuta mtu ambaye tayari amejifunza dawa. Ubao wa sataranji huwekwa kama orodha ya orodha: kila mstari wa ubao ni orodha ya miraba, na ubao ni orodha ya mistari hiyo. Tuchukue malkia 4 kwenye ubao wa miraba 16. Majibu yako mawili tu. Mtu aliyesoma mpaka hapa anahifadhi `ubao[:]` kwa kujiamini, na anapata mbao mbili zisizo na malkia hata mmoja.

Nakala ya `[:]` ni ya juu juu. Inaunda orodha mpya ya nje, lakini vitu inavyonakili ni anwani za mistari minne, na mistari hiyo ni ile ile ambayo utafutaji unaendelea kuweka na kuondoa malkia ndani yake. Kibaya zaidi, kipimo cha `majibu[0] is majibu[1]` sasa kinasema `False`, na mtu anaweza kuamini kuwa tatizo la anwani amelimaliza. Lazima ashuke ngazi moja na kuuliza `majibu[0][0] is majibu[1][0]`. Hapo atapata `True`. Nakala inayofaa ni ile inayonakili kila mstari:

```python
majibu.append([mstari[:] for mstari in ubao])
```

Kwa malkia mimi ningeandika `["".join(mstari) for mstari in ubao]`, ambayo hugeuza kila mstari kuwa maandishi. Maandishi hayabadiliki, na pia yanasomeka vizuri yakichapishwa. Majibu mawili ya malkia 4 yanaonekana hivi, moja likiwa kama taswira ya lingine kwenye kioo:

```
.M..     ..M.
...M     M...
M...     ...M
..M.     .M..
```

Afadhali zaidi ni kutotumia ubao kabisa. Kwa kuwa kila mstari una malkia mmoja, inatosha kuandika namba ya safu yake: `[1, 3, 0, 2]` na `[2, 0, 3, 1]`, tukihesabu safu kuanzia 0. Hapo orodha ni ya namba tupu, na nakala ya juu juu inatosha.

Wengine huuliza kama kunakili kila jibu hakuipunguzii programu kasi. Gharama ipo, na inajulikana. Ukiwa na vitu 20, michanganyiko ni 1,048,576, na kwa wastani kila mmoja una vitu 10. Kuihifadhi yote kwa ukweli kunahitaji nafasi zaidi ya milioni 10 za anwani, sawa na megabaiti 80 na kitu, ukiacha mzigo wa kila orodha yenyewe. Programu yenye kosa hutumia kumbukumbu kidogo zaidi kwa sababu haijahifadhi chochote. Gharama hiyo ni ya majibu yenyewe. Haikwepeki kwa anayetaka kuyaweka yote. Kinachoweza kukwepwa ni kunakili kusiko na haja. Wapo wanaoandika `tafuta(i + 1, njia + [vitu[i]])`, ambapo orodha mpya huundwa kwa kila hatua na kosa haliwezi kutokea. Ni salama, na kwa mafumbo madogo naona ni chaguo zuri kwa anayeanza. Ila hunakili hata njia zitakazokufa bila kufika kwenye jibu, na katika utafutaji mkubwa njia zinazokufa ndizo nyingi mno. Nakala moja, mahali pa kuhifadhi, ndiyo nafuu kuliko zote. Na kama unachohitaji ni kuhesabu tu, au kuchapisha kila jibu na kuliacha, huna haja ya nakala wala ya orodha ya majibu.

Hali hii si ya Python peke yake. Java nayo hushirikisha orodha badala ya kuinakili, na waandishi wake hulazimika kuandika `new ArrayList<>(njia)`. JavaScript iko hivyo hivyo, na dawa yake ni `[...njia]`. Katika C++, `push_back` ya vekta ya vekta hunakili yaliyomo yenyewe, kwa hiyo mstari unaofanana kabisa na ule wenye kosa hufanya kazi vizuri. Mtu anayehama kutoka C++ kuja Python huleta tabia yake ya zamani, na hakuna kitu kinachomwonya.

Nina ombi kwa wanaofundisha. Majaribio tunayowapa wanafunzi mara nyingi hukagua idadi: 8 kwa vyakula, 6 kwa foleni, 92 kwa malkia. Programu yenye kosa hili huyafaulu yote. Ongezeni mstari mmoja unaodai kuwa majibu yawe tofauti:

```python
assert len(set(map(repr, majibu))) == len(majibu)
```

Vitu vikiwa vyote ni tofauti, kama hapa, mstari huo utaikamata programu yenye kosa mara moja. Na mwanafunzi akikwama, msimpe alama za `[:]` akariri. Mwambieni achapishe `majibu` baada ya kila `append`, akae ayatazame yale ya zamani yakibadilika mbele ya macho yake.